Mstari Mmoja Haukuandikwa

Saa moja na nusu asubuhi ukumbi wa chini wa jengo lile hauna adabu. Lifti nne, mageti matatu ya kadi, na watu mia mbili ambao wote wamechelewa. Siku hiyo geti la katikati lilikuwa limezibwa na kijana mmoja mrefu, shati la samawati limepigwa pasi sawasawa, tai kaishika kwa meno, mkono mmoja una kikombe cha karatasi na mwingine unaisugua kadi kwenye suruali kana kwamba kadi ikipata joto itamtambua. Foleni nyuma yake ilikuwa inanung'unika.

Upande wa pili alikuwa anatoka msichana wa zamu ya usiku, kavaa sweta la kijivu lililomzidi, kitambaa cha njano kichwani kimeanza kulegea, macho mekundu kwa kukesha. Alichokitaka duniani wakati huo ni kitanda. Akanyoosha mkono juu ya geti, akagusisha kadi yake mwenyewe, geti likafunguka, na foleni ikapumua.

"Asante, dada. Umeniokoa."

"Nimeokoa foleni. Wewe umepata bahati tu."

"Na kama mimi ni mwizi?"

Akamtazama juu mpaka chini. "Mwizi gani anavaa soksi mbili tofauti?"

Kijana akatazama miguu yake. Moja nyeusi, nyingine ya kahawia ina mistari. Akacheka mpaka tai ikamdondoka, na yule msichana, ambaye alikuwa hajacheka tangu saa tatu ya usiku uliopita, akajikuta naye anacheka katikati ya watu waliokuwa wanamsukuma.

Tangu siku hiyo akamwita Soksi. Soksi naye, alipojua kwamba bibie analala mchana na kuamka jua likizama, akamwita Popo. Majina yao ya nyumbani yalibaki kwenye kadi za kazi, hayakutumika tena.

Soksi alikuwa mhasibu, ghorofa ya saba. Popo alikuwa mchambuzi mdogo wa usalama wa mtandao, aliyekuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, hajathibitishwa kazini. Alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, mbele ya skrini nne, akisoma kengele ambazo mitambo ya kampuni hupiga kila inapoona kitu kisicho cha kawaida. Kengele mia mbili kwa usiku, na mia moja tisini na tisa ni za bure: mtu kasahau nenosiri, mashine imezimika, mkubwa fulani amesafiri na simu yake.

Penzi la watu wanaopishana getini huishi kwenye simu. Soksi alipokuwa anaamka, Popo alikuwa anavua viatu. Soksi alipokuwa anakula cha jioni, Popo alikuwa anapiga mswaki. Jumapili peke yake ndiyo waliyogawana, na hata hiyo Popo aliianza kwa kusinzia begani kwa mwenzake.

"Mpenzi, unakoroma."

"Sikoromi. Nafikiri kwa sauti."

Kazini hawakumwambia mtu. Popo ndiye aliyetaka hivyo. Alisema mtu wa ulinzi akijulikana ana mpenzi kwenye idara ya fedha, kila kosa litasomwa mara mbili. Kumbe alisema kweli, ila hakujua kosa lenyewe litakuwa la nani.

Lilitokea Jumanne, saa tano na dakika arobaini na nne usiku. Simu yake ya mkononi ikawaka mezani.

"Popo wangu."

"Soksi! Mbona hujalala? Kesho si una kikao?"

"Simu hainiachi nilale. Kila dakika inaniuliza, je, ni wewe unayeingia? Nimebonyeza hapana mara saba. Mimi niko kitandani, naingia wapi?"

Popo alicheka. Jumamosi iliyopita kampuni ilikuwa imebadilisha mlango wa mtandao ambao wafanyakazi hupitia wakiwa nyumbani, na wiki nzima watu walikuwa wanalalamika. Kompyuta ikiachwa wazi inajaribu kujiunga yenyewe, na kila ikijaribu simu ya mwenyewe inaulizwa. Alikuwa ameshawajibu kumi na wawili kwa hilo.

"Kompyuta ya kazi umeizima?"

"Iko sebuleni. Nadhani sijaizima."

"Basi ndiyo hiyo. Bonyeza ndiyo, ulale."

"Una uhakika?"

"Fundi anaulizwa kama ana uhakika? Bonyeza, mpenzi. Nina kengele ishirini hapa zinanisubiri."

"Haya bosi. Nimebonyeza. Imenyamaza kweli! Nakupenda wewe na mitambo yako."

Walizungumza dakika nyingine moja ya upuuzi mtamu, wakakata. Papo hapo ikaja kengele: akaunti ya mhasibu fulani imeingia kutoka kwenye kifaa kipya. Utaratibu wake ulikuwa unajulikana. Atazame anwani ya mtandao iliyotumika, ailinganishe na zile za siku zote, aangalie aina ya kifaa, ndipo ampigie mwenye akaunti. Popo akaona jina, akatabasamu. Huyu si ametoka kuzungumza naye sasa hivi? Akaandika: Mtumiaji amethibitisha. Akaifunga. Kazi ya sekunde arobaini.

Angetazama ile anwani angeona kwamba haikutoka sebuleni kwa mtu yeyote. Ilitoka kwenye mashine ya kukodi, zile ambazo mtu wa popote huzilipia kwa saa.

Siku kumi zilipita. Usiku wa kuamkia Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa sita ikiwa imeshapita, Popo alikuwa hana kengele hata moja. Mkuu wa zamu, mama wa miaka hamsini aliyeitwa Dada Mkubwa na kila mtu mpaka mkurugenzi, alikuwa ameegemea kiti anakula karanga. Popo, kwa kukosa la kufanya, akafungua grafu za seva moja baada ya nyingine kuona zinavyopumua usiku.

Seva ya mafaili ya idara ya fedha ilikuwa na tabia anayoijua. Saa tano usiku inanakiliwa yote kwenye hifadhi ya dharura, grafu inapanda kama mlima, saa sita inashuka, kisha inalala mpaka asubuhi. Ndivyo ilivyokuwa hata usiku huu. Ila chini kabisa, kuanzia saa saba, kulikuwa na kamstari kembamba ambako hakakugusa sifuri. Ukitazama kwa haraka ungedhani ni uchafu kwenye kioo.

Akakikuza kile kipande. Kilobaiti mia mbili kwa sekunde, bila kupanda wala kushuka. Akarudi usiku wa jana: saa saba hadi saa kumi, kilobaiti mia mbili. Juzi, vivyo hivyo. Akahesabu nyuma mpaka alipofika Alhamisi ya wiki iliyopita, na huu wa leo ukawa usiku wa tisa. Mfumo ulikuwa umewekewa kikomo cha gigabaiti tano kwa usiku ndipo upige kengele. Huyu alikuwa anachukua mbili na kidogo. Mwizi wa kawaida hupakia gari. Huyu alikuwa anateka kwa kijiko, na ndiyo maana ndoo haikuonekana kupungua.

Akafungua kumbukumbu za mafaili. Folda ya mishahara: faili linaloanza na A, kisha A nyingine, kisha B. Kila sekunde kumi faili moja linafunguliwa, linasomwa lote, linafungwa. Hakuna lililorekebishwa, hakuna lililorudiwa. Mtu anayefanya kazi hurudi nyuma, hukosea, huenda chooni. Hii ilikuwa programu inayofuata alfabeti. Ilikuwa imeshamaliza mishahara na namba za akaunti za wafanyakazi, na sasa ilikuwa kwenye mikataba ya wateja, herufi ya M.

Swali lililobaki ni moja tu, nani. Akachukua anwani ya ndani iliyokuwa inapokea mafaili, akatafuta imekabidhiwa kwa nani usiku huu. Jina likaja.

Kwa muda wa kupepesa macho mara mbili Popo alimshuku asiyestahili. Alidhani Soksi ni mwizi. Alidhani zile Jumapili, zile simu, ule mzaha wa getini, vyote vilikuwa njia ya kumfunga kamba mtu wa ulinzi. Mkono ukaenda kwenye simu ili amuulize, ukasita, kwa sababu kanuni ya kwanza ya kazi yake ni kwamba mwenye akaunti haambiwi kitu kabla mlango haujafungwa.

Badala yake akatazama akaunti ile iliingia lini kwa mara ya kwanza kutoka nje. Jumanne. Hapana, hapana, hapana, mara saba. Kisha ndiyo, saa tano na dakika arobaini na sita. Chini yake kengele iliyofungwa, na herufi za mwanzo za jina la aliyeifunga. Herufi zake yeye.

Akaelewa yote kwa mkupuo. Mtu alikuwa ameshalipata nenosiri la Soksi kwa hila fulani, akabaki na kizuizi kimoja tu, ile simu. Akawa anabisha hodi usiku, anabisha, anabisha, akingoja mwenye nyumba achoke. Mwenye nyumba hakuchoka. Aliuliza mlinzi, na mlinzi akamwambia fungua.

"Dada Mkubwa," aliita. Sauti ilitoka nyembamba. "Njoo uone."

Mama yule aliacha karanga zake, akasimama nyuma ya kiti, akasoma. "Usizime seva," alisema. "Ukiizima, kilichomo kwenye kumbukumbu yake ya muda kinapotea, na ushahidi umo humo. Wala usimkate sasa hivi. Tumpe dakika kumi tuone kama ana mlango mmoja au miwili. Ukifunga mmoja akawa na wa pili, umemwamsha tu."

Walimtafuta. Alikuwa na mmoja. Saa tisa kasoro dakika tisa wakafanya kwa pamoja: Popo akafunga akaunti na kufuta ruhusa zake zote zilizokuwa hai, Dada Mkubwa akakata muunganisho na kuizuia ile anwani ya nje. Kamstari kakaanguka sifuri. Kwenye skrini waliona mtu wa mbali akijaribu kuingia mara tatu, kisha akatulia. Wakanakili kumbukumbu zote kabla hazijafutwa na mpya, wakachukua picha ya kumbukumbu ya seva, wakampigia mkurugenzi.

"Umefanya kazi ya watu wazima, mwanangu," Dada Mkubwa alisema, akimshika bega. "Nitasema hivyo kwa kila mtu. Sasa andika ripoti. Dakika kwa dakika."

Popo aliandika kurasa mbili. Aliweka kila saa mahali pake, kila anwani, kila faili. Alipofika Jumanne aliandika: Mtumiaji alikataa mara saba, kisha akaidhinisha. Kidole kikabaki juu ya kibodi. Mstari uliotakiwa kufuata ulikuwa mfupi: Aliidhinisha kwa ushauri wangu. Alimsikia Dada Mkubwa anamsifia kwenye simu. Alifikiria miezi mitatu iliyobaki kabla ya kuthibitishwa. Akajiambia ataongeza kesho, akishapata usingizi, akiwa na maneno mazuri zaidi. Akatuma.

Asubuhi hiyohiyo Soksi alifika getini, kadi ikakataa. Safari hii si kwa uchakavu. Walinzi wawili walimpandisha ghorofa ya saba, wakasimama wakati anakusanya vitu vyake ndani ya boksi, wakamshusha mbele ya umati wa saa moja na nusu. Popo alikuwa anatoka zamu. Alimwona kutoka nyuma ya nguzo, shati jeupe, boksi kifuani, anageuza kichwa huku na huku akimtafuta mtu. Alijua anamtafuta yeye. Akabaki nyuma ya nguzo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mtu kwenye foleni. Wengine wakaitikia kwa kichwa. Popo alihisi methali ile imemkalia yeye sawasawa, kama sweta lake.

Simu za Soksi, Popo hakuzipokea. Kwanza kulikuwa na waraka: mtu yeyote wa kitengo cha ulinzi asiwasiliane na anayechunguzwa. Alijificha ndani ya waraka ule kama mtu aliyejifunika blanketi mchana. Siku ya kwanza simu kumi na nne, ya pili sita, ya tatu ujumbe mmoja: Popo, uko salama? Baada ya hapo kimya.

Na kimya hicho ndicho kilichomla. Alikuwa anangoja aitwe. Soksi ataulizwa kwa nini alibonyeza ndiyo, atasema, na mambo yatakwisha, aibu itakuja yenyewe bila yeye kuifuata. Siku zikapita, hakuna aliyemwita; hata ile kengele aliyoifunga ilichukuliwa kuwa moja tu ya mia mbili za usiku ule. Alikula akasahau ladha. Akilala anaota anabonyeza kitufe ambacho hakibonyezeki.

Siku ya kumi na mbili, mchana, mlango wake uligongwa. Alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa sare nyeupe ya maabara, ana macho yaleyale ya Soksi.

"Mimi ni dada yake. Usinikaribishe, sikai." Hata hivyo aliingia. "Nimechukua namba yako na mahali unapoishi kwenye simu yake akiwa bafuni. Hajui nimekuja. Kesho saa nne wanamsikiliza kwa mara ya mwisho. Wanasema aliuza njia. Wanasema mtu anayekataa mara saba na kukubali ya nane, alikuwa anapatana bei."

"Yeye anasemaje?"

"Anasema alikuwa na usingizi. Nimemuuliza mimi, kamuuliza mama, wamemuuliza wao. Usingizi, usingizi! Mdogo wangu namjua tangu ananyonya, hawezi kudanganya hata kwenye karata. Kuna kitu anakificha, na nilipoona jina lako limejaa kwenye simu yake nikasema, huyu anakijua. Ulimwambia nini usiku ule? Maana mmezungumza dakika tatu."

Popo alikaa kitandani. Siku zote hizi alidhani hajaitwa kwa sababu wachunguzi hawajafika kwake. Kumbe mtu mmoja alikuwa amekaa mlangoni kwake akizuia, na mtu huyo ndiye aliyekuwa anapigwa.

"Nilimwambia abonyeze," alisema. "Ni mimi."

Dada mtu akashika kitasa cha mlango. "Mama yangu hatoki nje," alisema taratibu. "Shangazi na wajomba zetu wamempigia wote. Wanataka kujua mtoto wake kaiba nini. Na wewe ulikuwa hapa, umelala." Akaondoka bila kufunga mlango.

Kesho yake saa nne kasoro robo Popo alikuwa ghorofa ya tisa. Alivaa gauni la bluu la kikazi ambalo alilinunua kwa ajili ya siku ya kuthibitishwa, na kichwani kitambaa cheusi. Ndani ya chumba walikuwa mkaguzi wa nje aliyekuwa mnene na mwenye sauti ya upole, mkurugenzi, Dada Mkubwa, na Soksi peke yake upande wa pili wa meza. Alikuwa amekonda. Alipomwona, uso ulifunguka kidogo kabla hajakumbuka kuufunga.

"Binti, kikao hiki ni cha faragha," mkaguzi alisema.

"Nina mstari wa kuongeza kwenye ripoti yangu."

"Popo, toka," Soksi alisema. Ikawa mara ya kwanza jina lile kusikika kazini.

Hakutoka. Aliweka simu yake mezani, imefunguliwa kwenye orodha ya simu za Jumanne ile. "Alinipigia saa tano na dakika arobaini na nne. Tulizungumza dakika tatu. Aliniambia amekataa mara saba, akaniuliza afanye nini. Mimi nikamwambia ni mlango mpya unasumbua, abonyeze ndiyo. Kwenye mfumo ameidhinisha arobaini na sita, tukiwa bado kwenye simu. Kisha kengele ikaja kwangu, nikaifunga bila kutazama anwani. Hakuuza kitu. Alifanya alichotakiwa kufanya, aliuliza mtu wa ulinzi. Mtu wa ulinzi ndiye aliyekosea. Na amekuwa mpenzi wangu kwa miezi mitano, hilo nalo nililificha."

Mkaguzi alichukua simu, akalinganisha na karatasi zake, saa kwa saa. Alimgeukia Soksi. "Kwa nini hukusema?"

Soksi alitazama meza. "Amebakiza miezi mitatu tu kuthibitishwa. Nilidhani mkiona sikuiba, mtaniacha. Sikujua mtaniona mwizi."

Dada Mkubwa alivua miwani, akaifuta, akairudisha, na macho yake hayakurudi tena kwa Popo. Hilo lilimuuma kuliko barua iliyokuja baadaye.

Barua zilitoka Ijumaa. Wachunguzi, sasa wakijua wanatafuta nini, walilipata shina kwenye barua pepe za mwezi uliopita: tangazo la bandia kuhusu mlango mpya, lenye ukurasa unaofanana na wa kampuni, lililotumwa kwa watu thelathini. Soksi alikuwa ameandika nenosiri lake humo. Akapewa onyo na mafunzo, akarudishiwa kadi. Popo aliachishwa kazi. Barua yake ilisema: si kwa kukosea, bali kwa kunyamaza. Aliisoma mara tatu akitafuta neno la kubishana nalo, asilione.

Soksi alimsubiri nje, kwenye ngazi za jengo, mikono mfukoni.

"Nisamehe," Popo alisema.

"Kipi?"

"Si unajua."

"Hapana, nataka nijue unaomba kipi. Ile ndiyo ya usiku ule? Ile nilikusamehe hata kabla sijavaa viatu. Kila mtu hukosea, mimi mwenyewe niliwapa nenosiri kama pipi. Lakini siku kumi na mbili, Popo! Nilikuwa nakupigia nikidhani wamekufanyia kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nakuogopea wewe."

"Niliogopa."

"Najua. Na mimi niliogopa. Nikaogopa nikiwa upande wako."

Machozi yalimtoka Popo, hakuyafuta, aliona hayastahili hata leso. Watu walipita kati yao wakienda kula.

"Kama unataka nikwambie tumekwisha, siwezi," Soksi alisema. "Nimejaribu kulisema peke yangu chumbani, halitoki. Lakini siwezi kukupeleka popote kama mtu wangu wakati mama anaamini nina siri. Barua ya kampuni haimwambii kitu. Anasema hata wezi wana barua."

"Nitamwambia mimi."

"Sikukuomba."

"Ndiyo maana nitamwambia."

Jumapili saa nane mchana alikuwa kwenye sebule ya mama yake Soksi. Sofa zenye vitambaa vya kufuma, picha za mahafali ukutani, pazia limefungwa mchana kweupe. Mama alikuwa mdogo wa umbo, kajifunga kanga, mkono mmoja juu ya mwingine. Soksi na dada yake walikaa pembeni kama mashahidi. Popo hakukaa kwenye sofa. Alikaa kwenye zulia, akasimulia kila kitu tangu simu ilipolia mpaka nguzo aliyojificha nyuma yake. Nguzo hakuna aliyekuwa anaijua. Angeweza kuiruka. Hakuiruka.

Mama aliashiria kiti alichokalia Soksi. "Siku kumi na mbili mwanangu alikaa kwenye kiti hicho," alisema. "Anakula, hamezi. Sikusikia jina lako hata mara moja. Nikadhani hana mtu wa kumlilia."

"Nisamehe, mama."

"Nikikwambia nimekusamehe nitakuwa mwongo, na uongo umetutosha nyumba hii." Akavuta simu yake kutoka chini ya mto, akachukua na bahasha ya kale na kalamu. Nyuma ya bahasha akaandika majina, taratibu, kwa mwandiko wa shule ya zamani. Yalifika saba. "Hawa ndio walionipigia kuniuliza kaiba nini. Mimi nikiwaambia, watasema mama anamtetea mwanawe. Waambie wewe. Mmoja mmoja. Yote, kama ulivyoniambia mimi."

"Mama, jamani," Soksi alisema.

"Wewe nyamaza. Kunyamaza si unakuweza?"

Popo akapokea simu. Wa kwanza alikuwa mjomba, alisikiliza akaguna akakata. Wa pili alimtukana kidogo. Wa tatu alilia naye. Kila mara alianza upya, saa tano na dakika arobaini na nne, mara saba hapana, mimi ndiye niliyemwambia, nikanyamaza. Koo likaanza kukauka. Kila alipomaliza mmoja, mama alipiga mstari kwenye bahasha, na uso wa mama ulikuwa unalegea kwa kipimo kidogo sana ambacho ni binti yake tu aliyekiona.

Wa nne alikuwa shangazi mkubwa, mwenye sauti ya kujaza chumba hata bila spika. Alisikiliza yote bila kukatiza, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

"Sawa, nimesikia. Hajaiba, ashukuriwe Mungu. Sasa wewe binti unayenieleza habari za mtoto wetu, wewe ni nani kwake?"

Popo alifungua mdomo. Mpenzi, hakuwa na uso wa kulisema. Rafiki, ungekuwa uongo. Mfanyakazi mwenzake, hakuwa tena. Sebule nzima ikangoja.

Soksi aliinuka kwenye kiti chake, akaja kukaa kwenye zulia. Hakumtazama. Aliinamia simu.

"Shikamoo shangazi. Ni mchumba wangu."

"Marahaba. Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Akikubali."

Dada mtu akaziba mdomo. Mama akaacha kalamu. Popo akamgeukia Soksi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya boksi macho yao yakakutana bila nguzo katikati. Aliona bado ana hasira. Ilikuwa imo, haikwenda popote, na pembeni yake kulikuwa na yeye, amepewa nafasi.

"Kanyamaza?" shangazi akafoka kwenye simu. "Hiyo simu ni salio la mama yenu, bwana! Amekubali au hajakubali?"

"Shangazi," Popo alisema, sauti imekwaruza, "nimebakiza watu watatu wa kuwaambia. Niruhusu niwamalize kwanza. Nikimaliza nitamjibu mbele ya mama."

Upande wa pili shangazi akacheka, polepole. "Haya. Anza na mdogo wangu, ndiye mwenye mdomo."

Mama alipiga mstari wa nne. Binti yake aliinuka kwenda jikoni kuleta maji. Popo alikunywa glasi nzima, akafuta uso kwa kiganja, akaivuta bahasha karibu, na Soksi akiwa bado amekaa pale zuliani, akapiga namba ya tano.